Jibu Fupi kwa Mgeni Mwenye Hasira

Kila Desemba mabasi ya Dar es Salaam kwenda Moshi hujaa. Wachaga wanarudi nyumbani kwa Krismasi, na si wote wanaolala kwa wazazi. Mwingine amekuja na wakwe, mwingine anakuta nyumba ya mgombani imeshajaa ndugu, mwingine anataka watoto wadogo walale mahali penye choo cha ndani. Hoteli ndogo za mjini, ambazo wakati wa mvua za masika hupitisha siku nyingi na vyumba vitupu, zinajaa mpaka chumba cha mwisho. Kila kasoro iliyokuwa imejificha miezi mingine inajitokeza ndani ya wiki hizo mbili, na baada ya hapo wageni wanaandika.

Tuchukue hoteli moja ya mfano. Haina jina, na kisa chake nimekiunganisha kutokana na mambo yanayojirudia katika hoteli za aina hiyo. Ina vyumba 22, ghorofa mbili juu ya ile ya chini, mgahawa mdogo, na meneja ambaye ndiye huyo huyo anayenunua mahitaji sokoni na kufuatilia mishahara. Jumatatu asubuhi anafungua simu na kukuta mgeni ameipa hoteli nyota moja kwenye Google, na chini yake ameandika hivi:

"Hoteli ya ovyo kabisa. Tuliweka nafasi ya chumba cha vitanda viwili na advansi tukatuma. Tumefika saa nne usiku na watoto, tunaambiwa chumba kimepewa watu wengine. Tukabanwa kwenye chumba cha kitanda kimoja, watoto wakalala chini kwenye godoro. Asubuhi maji ya moto hakuna, watoto wameoga maji kama barafu. Dada wa mapokezi anajibu utadhani tumekuja kuomba msaada. Halafu bei wamepandisha kisa Desemba. Wezi hawa. Msiende."

Meneja anamkumbuka mgeni huyo. Anakumbuka pia kwamba usiku ule hoteli ilijaa, na kwamba bila lile godoro familia ile ingelala kwenye gari. Anakaa na kuandika jibu palepale, moyo ukimwenda mbio:

"Kwanza wewe si mkweli. Utaratibu wetu unajulikana, chumba kinashikiliwa mpaka saa mbili usiku. Wewe umefika saa nne na dakika arobaini ukiwa na jamaa yako ambaye hali yake kila mtu aliiona. Tulikusaidia kwa ubinadamu tu maana Moshi nzima ilikuwa imejaa. Maji ya moto yapo saa ishirini na nne, labda hukujua kufungua bomba. Mfanyakazi wetu ana uzoefu wa miaka tisa na hajawahi kulalamikiwa. Bei zetu ziko wazi, kama huziwezi zipo gesti. Hoteli yetu ni bora, ina mandhari nzuri ya Mlima Kilimanjaro, maegesho ya kutosha na intaneti ya bure, na wageni wengi wanatusifu. Tunajua washindani wetu wanatuma watu. Tutakuchukulia hatua za kisheria."

Namwelewa. Mtu aliyekesha akihangaika na wageni halafu akaitwa mwizi mbele ya watu ana haki ya kuumia. Lakini jibu hili likitoka litaiumiza hoteli kuliko yale malalamiko, na sababu ni moja: wanaolisoma si yule mgeni. Yeye ameshaondoka, na pengine hatarudi tena. Wanaolisoma ni watu wanaotafuta chumba Moshi kwa Pasaka, kwa mahafali ya mtoto, kwa harusi ya binamu. Mtu huyo anaona nyota moja, anasita, kisha anashuka kidogo aone hoteli imesema nini. Malalamiko yalimweleza usiku mmoja mbaya. Jibu linamweleza atakavyotendewa yeye akipata usiku kama ule.

Jambo hili limechunguzwa kwa takwimu. Davide Proserpio na Georgios Zervas, watafiti wa Marekani, walichapisha mwaka 2017 utafiti kuhusu hoteli za jimbo la Texas. Walilinganisha maoni ya wageni kwenye Tripadvisor, ambako mameneja wengi hujibu, na maoni juu ya hoteli hizo hizo kwenye Expedia, ambako kujibu kulikuwa nadra. Hoteli zilipoanza kujibu, idadi ya maoni iliongezeka kwa kiasi cha asilimia 12, na wastani wa nyota ukapanda kwa 0.12. Kwenye kipimo cha nyota tano hicho ni kiasi kidogo, lakini kinatosha kuivusha hoteli kutoka nyota tatu na nusu hadi nne pale wastani unapokuwa mpakani na tarakimu zinakadiriwa. Kilichonivutia zaidi ni maelezo yao ya chanzo. Malalamiko yalipungua, ila yale yaliyobaki yalikuwa marefu zaidi. Inaelekea mgeni akijua meneja anasoma na atajibu, anaona aibu kuandika neno moja la kejeli na kuondoka. Akiwa na la kulalamikia, analieleza kwa ukamilifu.

Turudi Moshi. Meneja wetu, kwa bahati nzuri, kabla hajabonyeza kitufe cha kutuma anaamua kushuka chini kuhakikisha ile saa mbili usiku. Hapo ndipo kazi ya kuandika jibu inapoanza kweli, na inaanzia kwenye daftari la mapokezi.

Kwenye daftari, nafasi imeandikwa: vitanda viwili, usiku mmoja, shilingi 100,000, advansi 50,000 imepokewa kwa simu. Kisha anafungua simu ya hoteli na kutafuta ujumbe wa WhatsApp aliotumiwa mgeni. Unasema: "Tumepokea, karibu sana, chumba chako kipo." Basi. Kuhusu saa mbili usiku hakuna neno. Sharti hilo limeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani nyuma ya kaunta, mahali ambapo mgeni hulisoma baada ya kufika, yaani baada ya kuchelewa. Mtu aliyelipa nusu ya bei na kuambiwa chumba chake kipo alikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba kipo.

Anapekua ukurasa wa pili. Chumba walichopewa ni namba ya ghorofa ya pili, kitanda kimoja kikubwa, na bei yake ya Desemba ni shilingi 75,000. Anaangalia stakabadhi. Wametozwa 100,000. Usiku ule hakuna aliyekumbuka kushusha bei. Zamu ilikuwa na mtu mmoja, simu zinaita, wageni wamesimama mlangoni. Kwa hiyo hoteli inamdai mgeni heshima, na yeye anaidai hoteli shilingi 25,000. Neno "wezi" bado ni kali, lakini sasa meneja anajua limetokea wapi.

Halafu maji. Fundi anampandisha juu ya paa. Ghorofa ya pili ina vyumba sita vinavyotumia tangi moja la sola la lita 300. Ndani ya tangi kuna hita ya umeme ya akiba, na swichi yake imezimwa. Ilizimwa Agosti ili kupunguza bili ya umeme, na Agosti hakuna aliyeona tofauti kwa sababu vyumba viwili tu ndivyo vilikuwa na watu. Hapa hesabu ndogo inasaidia. Maji ya sola yanayotumika asubuhi ni yale yaliyopashwa na jua la jana, na Desemba Moshi mara nyingi huwa na mawingu. Tuseme tangi liliamka na maji ya nyuzi 50. Mtu haogi maji ya nyuzi 50. Huyachanganya na ya baridi mpaka yafike kama 40. Ikiwa maji ya bomba ni nyuzi 20, lita 300 za tangi zinakuwa lita 450 za kuogea. Bomba la mvua likitoa lita 8 kwa dakika, na kila mtu akikaa dakika nane, anamaliza lita 64. Tangi linatosha watu saba. Asubuhi ile ghorofa ya pili ilikuwa na watu 14. Waliowahi walioga vizuri na hawakuandika chochote. Watoto waliolala usiku sana baada ya safari waliamka wa mwisho.

Kwa hiyo meneja alipoandika kwamba maji ya moto yapo saa ishirini na nne na huenda mgeni hakujua kufungua bomba, alikuwa anasema uongo bila kujua, na mgeni aliyemwita mwongo ndiye aliyekuwa mkweli. Hili ndilo ninaloliona tena na tena katika majibu ya hasira. Yanakana mambo ambayo hakuna aliyekwenda kuyaangalia.

Kuhusu dada wa mapokezi ushahidi haujakamilika. Kamera ya ukumbini inaonyesha watu wakizungumza, haina sauti. Mwenyewe anasema hakumtukana mtu. Mlinzi aliyekuwa mlangoni anasema alimsikia akiwaambia wageni, "Mngepiga simu mapema." Sentensi hiyo si tusi, ila kwa mzazi aliyebeba mtoto anayesinzia begani saa nne usiku, inatosha. Wala dada naye hakutendewa haki: aliachwa peke yake usiku wa kujaa, na uamuzi wa kukitoa chumba ulifanywa na mtu wa zamu ya mchana ambaye alikuwa ameshaondoka.

Sasa meneja ana mambo ya kusema. Kabla ya kuyasema, anafanya mawili ambayo hayaandikwi popote. Anarudisha shilingi 25,000 kwa namba ile ile iliyotuma advansi, kisha anapiga simu. "Shikamoo mzee," anaanza, kwa maana mgeni ana umri wa baba yake, "ni meneja wa hoteli mliyolala Jumamosi. Nimekupigia kukuomba radhi." Simu hiyo inaweza kupokewa vibaya, au isipokewe kabisa. Hata hivyo ni lazima itangulie, kwa sababu mbili. Mgeni asijue kutoka kwenye Google kwamba amerudishiwa fedha, na jibu liweze kusema "tumerejesha" badala ya "tutarejesha". Ahadi kwenye jibu la hadharani haina thamani kubwa. Msomaji ameshasoma nyingi.

Baada ya hapo analichukua lile jibu lake la kwanza na kulifuta sentensi moja baada ya nyingine. Tumfuate, maana hapa ndipo wengi hukwama.

"Kwanza wewe si mkweli" inaondoka bila mjadala. Hata pale mgeni anapokosea kweli, kumwita mwongo hakumshawishi msomaji, ambaye hawajui wote wawili na kwa kawaida huegemea upande wa aliyelipa.

Sentensi ya jamaa aliyekuwa katika "hali" fulani inaondoka, na hii ni hatari kuliko zote. Mtu aliyelala hotelini ameikabidhi hoteli mambo yake: amekuja na nani, saa ngapi, chumba gani, amekunywa nini, amelipaje. Mgeni aliandika chini ya jina lake mwenyewe, kwa hiyo meneja akitaja mwenzake na hali yake, ndugu na majirani watamjua anayesemwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na msingi wake ni kwamba taarifa ulizokusanya kwa kazi fulani haziendi kutumika kwa kazi nyingine bila idhini ya mwenyewe. Kitabu cha wageni hakikujazwa ili kitumike kumjibu mtu hadharani. Kipimo rahisi ni hiki: kwenye jibu, gusa yale tu ambayo mgeni ameyataja mwenyewe. Ametaja watoto, unaweza kutaja watoto. Hakutaja jamaa, basi jamaa hayupo.

"Tulikusaidia kwa ubinadamu tu" inaondoka. Mtu aliyelipa hasaidiwi, anapewa alicholipia.

Miaka tisa ya dada wa mapokezi inaondoka pia, ingawa ni kweli. Msomaji akiisoma anasikia kwamba hoteli haikuuliza. Meneja asimtetee mfanyakazi hadharani na asimtoe kafara hadharani. Nimesoma majibu yanayosema "mfanyakazi husika amefukuzwa kazi", na kila mara najiuliza ni nani alisikilizwa upande wa pili. Mgeni alitaka kupokelewa vizuri. Hakuomba mtu akose mkate, na wengi huumia wakisikia hivyo.

Mandhari ya Mlima Kilimanjaro, maegesho na intaneti ya bure navyo vinatoka. Tangazo katikati ya msiba wa mtu linaudhi. Washindani wanaotuma watu, vitisho vya mahakama, gesti za bei nafuu, vyote vinatoka, na hapo meneja anakuta karatasi yake imebaki tupu.

Anaanza upya, na safari hii anaingia kwenye shimo jingine, la adabu ya kiofisi. Anaandika: "Ndugu mteja, uongozi unasikitika kwa usumbufu wowote uliojitokeza kutokana na changamoto zilizokuwa nje ya uwezo wetu. Maoni yako ni muhimu sana kwetu na yanafanyiwa kazi." Hakuna hasira, lakini hakuna kitu. Usumbufu umejitokeza wenyewe, changamoto hazina jina, na uongozi hauna sura. Jibu hilo linaweza kuwekwa chini ya malalamiko ya benki, ya kampuni ya maji au ya shule, na halitabadilika hata nukta. Msomaji anayetafuta chumba cha Pasaka anatoka bila kujua kama atakuta maji ya moto.

Siri ya kutoka hapo ni vitenzi. "Chumba kilitolewa" hakina mwenye kosa, "tulikitoa" kinaye. "Samahani kama mlijisikia vibaya" inamtupia mgeni hisia zake mwenyewe. "Pole, kosa ni letu" inabeba mzigo. Na palipokuwa na neno changamoto, weka kile chenyewe kilichoharibika: tangi, swichi, ujumbe wa simu. Mtu akisoma kwamba hita ilikuwa imezimwa na sasa inawashwa, anaamini, kwa sababu hakuna anayebuni jambo dogo na la aibu kiasi hicho ili ajipambe.

Jibu la tatu ndilo lililotumwa:

"Habari, na pole kwako na familia. Chumba mlichokilipia advansi tulikitoa kabla hamjafika. Ujumbe wetu wa kuthibitisha haukutaja saa ya mwisho ya kufika, kwa hiyo kosa ni letu. Sasa ujumbe huo unaitaja, na chumba kilicholipiwa advansi hakitolewi kabla ya kumpigia mgeni simu. Mlitozwa bei ya chumba kikubwa mkalala kidogo. Tofauti tumeirejesha leo. Maji ya moto yaliisha kwa sababu hita ya umeme ya ghorofa hiyo ilikuwa imezimwa. Inawashwa sasa kila hoteli inapojaa. Mgeni anayefika usiku na watoto anastahili mapokezi bora kuliko mliyoyapata, na hilo nimelizungumza na wenzangu wa zamu zote mbili. Asante kwa kutuambia. Meneja."

Maneno hayafiki mia moja. Google inaruhusu herufi zipatazo 4,000 kwenye jibu, na hiyo ni nafasi kubwa kuliko anayohitaji meneja yeyote. Kadiri jibu linavyorefuka ndivyo linavyofanana na utetezi, hata likiwa na ukweli mtupu.

Kuna mambo mawili ambayo wasomaji makini watauliza. La kwanza ni bei. Mgeni alilalamika kwamba bei ilipandishwa Desemba, na jibu halikugusa hilo moja kwa moja. Ni kweli ilipanda, na alitajiwa shilingi 100,000 alipoweka nafasi. Meneja angeweza kuandika kwamba bei ilikubaliwa. Angekuwa sahihi, lakini angekuwa anashinda hoja ndogo huku ametoka kukiri kwamba alimtoza mtu huyo zaidi. Mimi ningeiacha kama alivyoiacha. Kama kosa la bei lisingekuwepo, sentensi moja tu ingetosha: "Bei ya Desemba ni ile tuliyokutajia ulipoweka nafasi." Hakuna haja ya kueleza msimu, gharama za dizeli wala kodi.

La pili ni fedha. Ipo kanuni ya zamani kwamba usitaje fidia hadharani, kwa sababu wengine wataandika malalamiko ili nao wapate. Kanuni hiyo ni nzuri kwa zawadi: usiku wa bure, chakula cha jioni, punguzo. Zawadi ya namna hiyo iishie kwenye simu. Shilingi 25,000 hazikuwa zawadi. Zilikuwa deni, na kulipa deni hakumvutii tapeli yeyote. Angalia pia kwamba kiasi hakikutajwa. Hilo ni la mgeni na hoteli. Na ipo mipaka ambayo haivukwi kabisa: Google inakataza kumpa mtu fedha au ofa ili abadilishe au afute maoni. Meneja asirudishe chenji halafu aombe nyota.

Si kila mgeni anayelalamika ana haki, na jibu la neema halimaanishi kukiri kila kitu. Tuseme mwingine ameandika kwamba alitozwa mara mbili kwa simu, na kumbukumbu zinaonyesha muamala wa kwanza ulirudishwa usiku ule ule. Jibu linasema hivyo tu: "Tumeangalia. Muamala wa kwanza ulirudishwa kwenye namba iliyolipa kabla ya saa sita usiku huo. Kama haujauona, tafadhali nipigie tuufuatilie pamoja." Hakuna neno uongo, hakuna alama ya mshangao. Ukweli umewekwa mezani, na mlango umeachwa wazi kwa sababu kumbukumbu nazo hukosea. Pale ambapo jambo halithibitiki upande wowote, kama maneno ya mapokezi, meneja ataje kiwango ambacho mgeni anastahili, bila kutoa hukumu juu ya nani alisema nini. Ndivyo sentensi ya mgeni anayefika usiku ilivyojengwa.

Malalamiko ya wizi, ya kudhalilishwa, au ya mtu kuumwa tumbo baada ya kula ni habari nyingine. Hayo hayachunguzwi mbele ya watu. Sentensi mbili zinatosha: pole, jambo hili tumelichukua kwa uzito, nimekupigia na ninasubiri tuonane au twende pamoja kwa wahusika. Ukianza kueleza jikoni mlipika nini siku ile, umeshatoa ushahidi bila kuombwa. Na malalamiko ya mtu ambaye hajawahi kufika hotelini hapo yanaripotiwa kwa Google ili yaondolewe. Ila maoni makali ya mgeni halali hayaondolewi kwa sababu tu yameumiza, na meneja anayekesha akiyaripoti angefanya vema zaidi kupanda juu ya paa.

Kuhusu muda, siku moja au mbili ni sawa. Kujibu ndani ya dakika kumi ni kujibu bila kufungua daftari, na kujibu baada ya mwezi ni kama kupeleka rambirambi baada ya arobaini. Kabla ya kutuma, mtu mwingine alisome, na afadhali awe mtu ambaye usiku ule hakuwepo. Kwenye Google jibu linaweza kurekebishwa baadaye. Kwenye Tripadvisor halirekebishwi: ukikosea unalifuta na kuandika upya, na huenda mgeni ameshalipiga picha.

Na wewe unayesafiri, ukikasirika andika, una haki hiyo. Ila uandike kitu ambacho meneja anaweza kushuka chini kukiangalia: uliahidiwa chumba gani, kwa ujumbe gani, ulilipa kiasi gani, maji yalikatika saa ngapi. Neno "wezi" halikumsaidia mtu katika kisa hiki. Kilichosaidia ni kutaja advansi, vitanda viwili na maji ya asubuhi. Na Google inamruhusu mwandishi kuhariri maoni yake wakati wowote. Ukipigiwa simu, ukaombwa radhi na ukarudishiwa chako, nyota zako zibaki ulivyoziweka ukipenda, lakini rudi uongeze sentensi moja useme kwamba yamefanyika.